Ukipima sifa arobaini, mbili zitakudanganya: mwongozo kamili wa kusahihisha majaribio mengi

Nilikuwa mchambuzi wa data kwenye ofisi ndogo ya mikopo hapa Dar es Salaam, ile mikopo ya wiki kwa wiki ambayo wateja wake wengi ni mama lishe, madereva wa bodaboda na wenye vibanda. Bosi alitaka jambo moja: mteja gani atachelewesha marejesho? Nikapewa faili la mikopo 2,400 iliyokwisha, ambayo 312 kati yake ilichelewa. Nikaorodhesha sifa 40 za mwombaji, nikapima kila moja kama ina uhusiano na kuchelewa, kisha nikapeleka mezani zile tisa zilizotoa thamani ya p chini ya 0.05.

Ya tano kwenye orodha ilikuwa siku ya Jumatano. Waombaji wa Jumatano walikuwa 400, na 68 kati yao walichelewa, yaani asilimia 17. Wa siku nyingine tano za kazi walikuwa 2,000, wakachelewa 244, asilimia 12.2. Thamani ya p ikawa 0.0092. Bosi akasema, "Basi Jumatano tuwakazie, wadhamini wawili badala ya mmoja." Dada wa dirishani, anayepokea fomu hizo kila siku, akaniuliza, "Kaka, kwa nini Jumatano na siyo Alhamisi?" Nikamjibu papo hapo: katikati ya wiki mtaji umekata, anayekuja siku hiyo ni yule aliyebanwa kweli. Maelezo yalikuwa matamu, na ningeweza kutunga mengine matamu vilevile kama ingekuwa Ijumaa.

Amri ile ilidumu wiki saba. Hapa ninaonyesha hatua ambazo ningefuata kabla ya kufungua mdomo, kwa namba zilezile, ili mwenye faili lake aweze kuzifuata akiwa na Excel tu.

## Kwanza, uongo unatoka wapi

Thamani ya p inajibu swali moja jembamba: kama sifa hii haina uhusiano wowote na kuchelewa, bahati peke yake ingeleta tofauti kubwa kama hii, au kubwa zaidi, mara ngapi? Ukiweka mpaka wa 0.05, umekubali kwamba sifa isiyo na lolote itakupita mara 5 kati ya 100. Kwa jaribio moja ulilolikusudia tangu mwanzo, hiyo ni bei ya kuvumilika. Tatizo ni kwamba unailipa upya kila unapopima.

Fikiria abiria 40 ndani ya mwendokasi, kila mmoja arushe sarafu mara tano. Mtu mmoja kupata upande uleule aliouchagua mara zote tano ni nafasi 1 kati ya 32. Lakini kwamba ndani ya basi zima atatokea angalau mmoja wa hivyo, ni nafasi kama 72 kati ya 100. Ukimshusha yule mmoja pale Kimara, ukamwambia kila mtu ana mkono wa ajabu, hujasema uongo kuhusu sarafu zake. Umeficha wale 39 waliobaki ndani ya basi.

Kwa sifa 40 ambazo hakuna hata moja yenye ukweli, unatarajia 40 × 0.05, yaani sifa mbili, zipite kwa bahati. Nafasi ya kupita angalau moja, kama sifa hazitegemeani, ni hii:

```
1 - 0.95^40 = 0.87
```

Kwangu zilipita tisa, si mbili. Hiyo ni ishara kwamba baadhi zina ukweli. Ila haikuambii zipi, na hapo ndipo nilipoteleza: niliona tisa, nikaziamini zote tisa kwa uzito mmoja.

## Hatua ya 1: hesabu majaribio yote, hata yale uliyoyatupa

Kabla ya fomula yoyote unahitaji namba moja, idadi ya majaribio. Tuiite m. Watu huidhania rahisi, na ndiyo wanayoikosea zaidi.

Siku ya kuomba haikuwa sifa moja kwenye faili langu. Niliigawa kuwa safu sita, Jumatatu hadi Jumamosi, nikapima kila siku dhidi ya nyingine zote. Hayo ni majaribio sita. Wilaya nayo ilikuwa majaribio matano: Ilala, Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni. Zote hizo zilikuwa tayari ndani ya 40, kwa hiyo hapo sikukosea.

Nilikosea kwenye yale ambayo hayakubaki kwenye faili. Umri niliukata kwa miaka 25, haukutoa kitu. Nikaukata kwa 30, halafu kwa 35, bado kimya, nikaufuta na kurudi kwenye umri wa kawaida. Kiasi cha mkopo nilikijaribu kwa mipaka kadhaa namna hiyohiyo. Siku nazo niliwahi kuzikusanya kuwa mwanzo wa wiki na mwisho wa wiki. Nilipokuja kufungua matoleo ya zamani ya faili langu na kuhesabu moja moja, nilipata majaribio 12 ya ziada. Kila moja lilikuwa tiketi ya bahati nasibu. Kwamba halikushinda hakulifanyi kuwa halikununuliwa. Tutatumia 40 kwanza ili hesabu zieleweke, kisha nitakuonyesha 52 inafanya nini.

Siku hizi nina karatasi ya pembeni ndani ya faili lilelile. Kila ninapobonyeza kupima, naandika tarehe, sifa, ilivyokatwa na thamani ya p. Inachosha, lakini ndiyo njia pekee ya kuijua m bila kujidanganya.

## Hatua ya 2: vuruga matokeo uone kwa macho

Hatua hii si ya lazima kihesabu, ila ndiyo iliyonibadilisha mimi, na ndiyo inayomnyamazisha bosi kuliko fomula yoyote. Chukua safu ya matokeo, yaani amechelewa au hakuchelewa, uichanganye kama karata. Wanaochelewa bado ni 312, lakini sasa wamegawiwa kwa wateja bila mpangilio wowote. Umeua kwa makusudi kila uhusiano wa kweli. Kisha pima sifa zako 40 upya.

```python
import numpy as np
from scipy.stats import mannwhitneyu

rng = np.random.default_rng(7)
y = rng.permutation(df["amechelewa"].to_numpy())
p = [mannwhitneyu(df.loc[y == 1, s], df.loc[y == 0, s]).pvalue
     for s in sifa]
print(sum(v <= 0.05 for v in p))
```

Hapa `df` ni jedwali lako lote la pandas na `sifa` ni orodha ya majina ya safu zako, na zile za ndiyo au hapana ziwe zimeandikwa 1 na 0. Kwenye Excel unaweza kufanya vivyo hivyo kwa kuweka safu ya `=RAND()` pembeni ya nakala ya matokeo na kuipanga kwa safu hiyo, huku sifa zikibaki mahali pake.

Mara ya kwanza nilipofanya hivi zilipita sifa tatu. Wateja wa Kigamboni walionekana wachelewaji sugu, kwenye data niliyoivuruga mwenyewe dakika moja iliyopita. Nilirudia mara 200. Wastani ukawa karibu na mbili, kama hesabu ilivyosema, lakini mizunguko haikufanana: mingine sifuri, mingine sita au saba kwa mpigo. Hilo hutokea kwa sababu sifa zina undugu. Anayeomba kiasi kikubwa ana rejesho kubwa la wiki na mara nyingi ana biashara kubwa, hivyo bahati ikiiangukia moja huziangukia na ndugu zake. Kwa hiyo usijipe moyo kwa kuona sifa nne zinazosema jambo moja. Huenda ni shahidi mmoja aliyebadilisha kofia nne.

## Hatua ya 3: panga thamani za p kutoka ndogo kwenda kubwa

Hizi ndizo tisa zangu za juu. Nyingine 31 zote zilikuwa juu ya 0.05, ya kumi ikiwa na 0.073. Safu ya mwisho nitaieleza muda si mrefu.

| Nafasi | Sifa | Thamani ya p | Mpaka wake (0.05 × nafasi ÷ 40) |
|---|---|---|---|
| 1 | Marejesho yaliyochelewa kwenye mkopo uliopita | 0.0002 | 0.00125 |
| 2 | Umri wa laini ya simu | 0.0009 | 0.00250 |
| 3 | Rejesho la wiki dhidi ya mapato | 0.0041 | 0.00375 |
| 4 | Kuhama makazi ndani ya miezi 12 | 0.0046 | 0.00500 |
| 5 | Aliomba Jumatano | 0.0092 | 0.00625 |
| 6 | Mdhamini anaishi wilaya nyingine | 0.019 | 0.00750 |
| 7 | Aliomba baada ya saa 10 jioni | 0.026 | 0.00875 |
| 8 | Namba ya simu inaishia na witiri | 0.034 | 0.01000 |
| 9 | Ana duka la bidhaa mchanganyiko | 0.041 | 0.01125 |

Ile ya nane niliitumbukiza kwa utani, nikapita siku nzima bila kustuka kwamba imeingia kwenye orodha ya wakweli.

## Hatua ya 4: sahihisho kali, Bonferroni na Holm

Bonferroni ni jina la mwanahisabati wa Italia, Carlo Emilio Bonferroni, na kanuni yake unaweza kuifanya kichwani: gawanya mpaka wako kwa m. Badala ya 0.05, kila sifa inatakiwa iwe chini ya 0.05 ÷ 40, yaani 0.00125. Zinapita mbili tu, historia ya kuchelewa na umri wa laini.

Unachokinunua ni ahadi hii: nafasi ya kuwa na hata sifa moja ya uongo kwenye orodha yako haizidi asilimia 5. Hata moja. Na ahadi hiyo inasimama bila kujali sifa zina undugu gani. Bei yake ni kwamba sifa za kweli lakini zenye nguvu ya kadiri zinaachwa nje.

Mswidi Sture Holm alitoa mwaka 1979 namna inayotoa ahadi hiyohiyo kwa bei nafuu kidogo. Unaanza na ndogo kabisa na kuilinganisha na 0.05 ÷ 40. Ikipita, ya pili unailinganisha na 0.05 ÷ 39, ya tatu na 0.05 ÷ 38, na kuendelea. Ikikwama moja, unasimama hapohapo. Zote zinazofuata zimekwama nayo. Kwangu ya pili ilipita (0.0009 dhidi ya 0.00128), ya tatu ikakwama (0.0041 dhidi ya 0.00132). Jibu likawa lilelile, sifa mbili. Lakini kwa kuwa Holm haiwezi kamwe kupitisha chache kuliko Bonferroni, na ahadi ni ileile, mimi sioni sababu ya kutumia Bonferroni isipokuwa unapiga hesabu ukiwa umesimama kwenye daladala.

## Hatua ya 5: Benjamini na Hochberg, polepole

Mara nyingi hatuhitaji orodha isiyo na doa. Tunahitaji orodha ambayo takataka zake zinajulikana kiasi. Yoav Benjamini na Yosef Hochberg walichapisha mwaka 1995 njia inayobadilisha swali lenyewe. Badala ya kuuliza nafasi ya kukosea hata mara moja, wanauliza: kati ya zile ninazoziita ugunduzi, kwa wastani sehemu gani ni ya uongo? Hicho ndicho kiwango cha ugunduzi wa uongo, na unakichagua mwenyewe, tuseme asilimia 5 au 10.

Utaratibu ni huu. Kila nafasi ina mpaka wake, ambao ni kiwango ulichochagua, mara nafasi, gawa kwa m. Ndiyo ile safu ya mwisho ya jedwali. Sasa anzia chini ya orodha ukipanda juu, ukitafuta sifa ya kwanza ambayo thamani yake ya p haizidi mpaka wake. Ukiipata, hiyo na zote zilizo juu yake zimepita.

Fanya nami. Ya kumi hadi ya arobaini hazifiki. Ya tisa, 0.041 dhidi ya 0.01125, hapana. Ya nane, ya saba, ya sita, hapana. Ya tano, Jumatano yetu, 0.0092 dhidi ya 0.00625, hapana. Ya nne, 0.0046 dhidi ya 0.005, ndiyo. Tunasimama. Zinapita sifa nne.

Tazama sasa nafasi ya tatu. Thamani yake ni 0.0041 na mpaka wake ni 0.00375, yenyewe imeshindwa. Ungekuwa unashuka kutoka juu kama kwenye Holm, ungekwama hapo na kubaki na mbili. Lakini kanuni hii inapanda kutoka chini, na ya nne ikipita inaibeba ya tatu. Haingekuwa haki sifa yenye ushahidi mzito zaidi iachwe huku jirani yake mwepesi anapita. Nimeona watu wakiandika fomula sahihi kabisa kwenye Excel kisha wakachukua tu mistari iliyosema TRUE. Hapa wangeitupa ya tatu kimakosa.

Kwenye Excel, majina yakiwa safu A na thamani za p safu B kuanzia mstari wa 2 hadi wa 41:

```
C2:  =RANK.EQ(B2,$B$2:$B$41,1)
D2:  =0.05*C2/40
E2:  =B2<=D2
G1:  =MAXIFS(C2:C41,E2:E41,TRUE)
```

Buruta C, D na E hadi chini. Namba ya G1 ndiyo nafasi ya mwisho iliyopita. Kwangu inasoma 4. Chukua kila sifa yenye nafasi isiyozidi hiyo. Kwa wanaotumia Python, `p` ikiwa orodha ya thamani za p za data halisi, siyo ile iliyovurugwa, kazi yote ni mistari miwili:

```python
from statsmodels.stats.multitest import multipletests
pita, p_mpya, _, _ = multipletests(p, alpha=0.05, method="fdr_bh")
```

Ukiandika `"holm"` badala ya `"fdr_bh"` unapata ile ya hatua iliyopita. Kwenye R ni `p.adjust(p, method = "BH")`.

Zana hizi hurudisha thamani za p zilizosahihishwa, ambazo unazilinganisha moja kwa moja na kiwango chako. Jumatano iliyokuwa 0.0092 inakuwa 0.0736, namba ya witiri inakuwa 0.17. Angalizo moja la kusoma: 0.0736 haimaanishi Jumatano ina nafasi ya asilimia 7 ya kuwa uongo. Maana yake ni kwamba ili Jumatano iingie, inabidi uvumilie orodha yenye kiwango cha uongo kisichopungua asilimia 7.36. Ni sifa ya orodha nzima, na mara nyingi anayebeba uongo wa orodha ni huyo huyo aliye mlangoni.

## Kuchagua kati yake

Jiulize matokeo yanakwenda kufanya kazi gani. Kama kila sifa inayopita inageuka amri, mtu ananyimwa mkopo au anaongezewa mdhamini, tumia Holm. Mama lishe anayekataliwa kwako atakwenda kuchukua kausha damu mtaa wa pili, na hutajua kamwe kwamba ulimkosea. Kama unachuja tu, yaani unatafuta sifa chache za kupeleka kwenye uchunguzi wa pili, tumia Benjamini na Hochberg, hata kwa asilimia 10.

Ila kiwango kichague kabla ya kuona majibu. Kwa asilimia 10 mpaka wa nafasi ya tano ni 0.0125, na Jumatano inaingia bila jasho. Ningekuwa nimeshaahidi amri ya Jumatano, mkono ungenivuta kuandika asilimia 10.

Kuhusu undugu wa sifa: njia ya Benjamini na Hochberg ina uhakika wa kihesabu pale ambapo majaribio hayategemeani, au yanategemeana kwa namna ya kwenda pamoja, moja ikipanda nyingine nayo inapanda. Kwa data nyingi za wateja hiyo inatosha. Kwa undugu wa aina yoyote ile kuna toleo la Benjamini na Yekutieli la mwaka 2001, `"fdr_by"` kwenye Python, ambalo linagawanya mipaka kwa jumla ya 1 + 1/2 + 1/3 hadi 1/m. Kwa 40 jumla hiyo ni kama 4.28. Kwangu ilibaki sifa moja tu, historia ya kuchelewa. Ni kali mno kwa kazi hizi, siitumii.

## Mahali ambapo sahihisho linaibiwa

Wizi wa kwanza ni wa kizembe. Mtu anachuja zile tisa zilizo chini ya 0.05, kisha anasahihisha hizo tisa peke yake. Mpaka wa nafasi ya tisa unakuwa 0.05 × 9 ÷ 9, yaani 0.05, na 0.041 inapita ikiwabeba wote, witiri akiwemo. Ukiona ripoti ambayo kila sifa imepita sahihisho, uliza m ilikuwa ngapi.

Wa pili ni mjanja, na nimeufanya bila kujua. Njia ya Benjamini na Hochberg inalegeza mipaka kadiri sifa nyingi zinavyopita, kwa hiyo ukiingiza sifa ambazo ukweli wake uko wazi, zinawabeba dhaifu. Faili langu la kwanza lilikuwa na safu kama idadi ya simu za kukumbusha na idadi ya ziara za afisa mikopo nyumbani kwa mteja. Hizo hutokea kwa sababu mtu amechelewa. Ni matokeo yenyewe yaliyovaa nguo nyingine, na thamani zake za p ni karibu sifuri. Ongeza safu sita za namna hiyo: m inakuwa 46, Jumatano inasogea hadi nafasi ya 11, na mpaka wake unakuwa 0.05 × 11 ÷ 46, karibu 0.012. Jumatano imepita kwa asilimia 5, na hakuna kilichobadilika kuhusu Jumatano. Pima tu vile ambavyo ungevijua siku mteja anakaa kwenye kiti, na vile ambavyo huna jibu lake tayari.

Wa tatu ni ule wa majaribio 12 niliyoyafuta. Yote yalikuwa juu ya 0.05, hivyo nafasi za juu hazibadiliki, ila m ni 52. Mpaka wa nafasi ya nne unashuka hadi 0.00385, na 0.0046 haipiti tena. Mpaka wa nafasi ya tatu ni 0.00288, na 0.0041 haipiti. Mpaka wa nafasi ya pili ni 0.00192, na 0.0009 inapita. Kutoka nne nabaki na mbili. Holm nayo inatoa mbili zilezile, ya pili ikipita kwa 0.0009 dhidi ya 0.00098, karibu ya kugusa.

## Hatua ya 6: data mpya, majaribio machache

Sahihisho linakupunguzia uongo, lakini haliwezi kukurudishia sifa ya kweli iliyoachwa nje. Kwa hilo unahitaji mikopo ambayo hukuitumia kuchagua. Njia safi ni kuigawa data tangu siku ya kwanza na kufungia sehemu moja kabatini. Mimi sikufanya hivyo, kwa hiyo nilisubiri miezi mitatu hadi ikapatikana mikopo mipya 900 iliyokwisha, ikiwa na wachelewaji 117. Amri ya Jumatano ilikuwa imeshasimamishwa kabla ya mkopo wa kwanza kati ya hiyo kutolewa. Ingekuwa inaendelea, wadhamini wawili wangeichafua namba yenyewe.

Niliandika sifa za kupima kabla ya kufungua faili: nne zilizopita kwa m ya 40, pamoja na Jumatano, kwa sababu bosi alikuwa bado anaitetea. Tano tu. Hapa Bonferroni haiumi: 0.05 ÷ 5 ni 0.01.

Historia ya kuchelewa ilipita, chini ya 0.001. Umri wa laini ulipita kwa 0.003. Kuhama makazi kulikwama kwa 0.21. Rejesho la wiki dhidi ya mapato, ile ya tatu iliyobebwa na jirani yake kisha ikaangushwa na m ya 52, ilipita kwa 0.008. Kwa hiyo hesabu ya uaminifu iliniondolea sifa moja iliyokuwa na ukweli. Ndiyo gharama ninayoisema, na ndiyo maana sifa iliyo karibu na mlango haitupwi, inawekwa kwenye foleni ya data mpya.

Jumatano: waombaji 150, waliochelewa 19, asilimia 12.7. Siku nyingine: waombaji 750, waliochelewa 98, asilimia 13.1. Thamani ya p ni 0.89. Nilimpelekea dada wa dirishani karatasi ile kabla ya bosi. Akaisoma, akaniuliza kama sasa ni zamu ya Alhamisi.